WBC ya shemeji ni 12.4 na dokta anasema kinga yake iko chini, hii imekaaje?

Kibarua_wa_Usiku
Wakuu salama? Shemeji yangu alipandikizwa figo mwaka huu. Anameza takrolimasi na mikofenoleti asubuhi na jioni, prednisoloni asubuhi tu. Mwezi uliopita mwili ulianza kuikataa figo wakamchoma methilprednisoloni kwenye mshipa siku 3 mfululizo, ikatulia, sasa yuko prednisoloni 30 mg anapunguziwa taratibu. Juzi kapima damu, karatasi inasema WBC 12.4 na pembeni wameweka herufi H ya kwamba iko juu. Mimi najua seli nyeupe ndio askari wa mwili. Halafu dokta anamwambia kinga yako iko chini sana asikae na mtu anayekohoa, avae barakoa. Askari wamezidi, ulinzi umepungua? Naomba mwenye uelewa anisaidie maana nyumbani wameshaanza kusema dokta anatisha watu tu.

Bonge_la_Mtu
Steroidi si mchezo mkuu. Kuna jamaa gym alikuwa anajidunga, kifua kikawa kama kabati ila chunusi mgongo mzima na hasira za kijinga. Mwambie shem aachane nazo haraka.

Mpima_Damu
@Bonge_la_Mtu hizo za gym ni homoni za kiume, ndugu mwingine kabisa. Prednisoloni iko upande wa kotisoli, ile homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Halafu usimwambie mtu aliyekaa nayo miezi "aache haraka". Tezi zake zimeshazoea kulala, akikata ghafla presha inaweza kushuka mpaka akaanguka, na figo yenyewe inaweza kukataliwa upya.

Kibarua, hiyo 12.4 ni jumla tu. Angalia mistari ya chini, kuna nyutrofili na kuna limfosaiti. Limfosaiti zimeandikwa ngapi?

Kibarua_wa_Usiku
Nyutrofili 11.1, limfosaiti 0.6. Hiyo ya limfosaiti wameweka L.

Mpima_Damu
Basi jibu lako liko hapo hapo. Mtu mzima tunategemea limfosaiti kuanzia kama 1.0 hivi kwenda juu, yeye ana 0.6, na hao ndio wanaohusika na virusi, fangasi, kifua kikuu na pia na kuikataa figo. Waliojaza ile jumla ni nyutrofili.

Sasa kwa nini nyutrofili zipande? Kawaida sehemu kubwa ya nyutrofili huwa imejishikiza kwenye kuta za mishipa ya damu, wewe ukichota damu mkononi huzioni. Steroidi inazibandua zinarudi kwenye mkondo, na uboho unaachia nyingine za ziada. Unapima unaona nyingi, lakini zile zile zinashindwa kutoka kwenye mshipa kwenda kwenye nyama kulikoharibika, maana kule kujishikiza ukutani ndiyo hatua ya kwanza ya kutoka. Limfosaiti ndio kinyume chake, zinaondoka kwenye damu zinaenda kujificha kwenye uboho na kwingine, baadhi zinakufa. Kwa hiyo hao "askari" wako wengi barabarani na hawaruhusiwi kuingia nyumba iliyovamiwa.

Mimi nikipata karatasi kama hiyo naenda kuangalia darubini. Nikikuta nyutrofili zilizokomaa tu, naelekea kwenye steroidi. Nikikuta seli changa nyingi na chembechembe nene nyeusi ndani yake, nawapigia wodini. Ila sio kanuni ya kuapia, maana mtu wa steroidi naye anaweza kuwa na maambukizi na damu ikaonekana tulivu.

Fundi_Sanifu
Naongezea hapo, hizi dawa zote tatu ni za familia ya saratani, zinaua seli nyeupe. Ndio maana wanapima damu kila wiki. Takro ndio kali kuliko zote inaua mpaka uboho.

Mama_Vidonge
Fundi, hapana. Nusu iko sawa, nusu umeivusha mto.

Takrolimasi haiui. Seli T, aina mojawapo ya limfosaiti, yuko hai, anaonekana kwenye kipimo, anahesabiwa, ila hasikii. Nieleze vizuri maana hapa ndipo watu wanapochanganya. Seli T akikutana na kitu kigeni na kukitambua, kalsiamu inapanda ndani yake. Ile kalsiamu inaamsha kimeng'enya kinaitwa kalsinyurini. Kalsinyurini kazi yake ni moja, kuna protini inaitwa NFAT imekaa nje ya kiini cha seli imefungwa na fosfeti, yeye anazing'oa zile fosfeti, NFAT inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni la IL-2. IL-2 ndio ile amri ya "zaliana". Takro ikiingia kwenye seli inaungana na protini moja ndogo halafu wote wawili wanaenda kumkalia kalsinyurini. Saiklosporini inafanya yale yale ila inaungana na protini tofauti. NFAT inabaki nje, IL-2 haitoki.

Mikofenoleti inasubiri mbele ya safari. Tuseme kuna seli T amepata amri akapenya. Ili agawanyike lazima anakili DNA yake, na kwa hiyo anahitaji guanini nyingi kwa haraka. Seli nyingi za mwili zinaweza kuokota mabaki ya zamani na kuyatumia tena, limfosaiti anayezaliana anategemea sana kuitengeneza upya. Mikofenoleti inafunga njia ya kuitengeneza upya. Ndio maana inawapata limfosaiti zaidi kuliko wengine, ingawa utumbo nao unaumia, waulize wanaoharisha.

Prednisoloni haina mlango mmoja. Inaingia hadi kwenye jeni na kuzima amri nyingi za uvimbe kwa pamoja, na inazigusa pia makrofeji na zile seli zinazompelekea seli T taarifa.

Kwa hiyo WBC haikuonyeshi takro inafanya nini. Seli aliyenyamazishwa na seli aliye macho, mashine inawahesabu sawa.

Fundi_Sanifu
Mbona azathioprini inashusha seli nyeupe mpaka mtu analazwa? Au hiyo nayo hainyamazishi?

Mama_Vidonge
Azathioprini ndio nusu uliyopata. Ile inageuka kuwa kipande cha bandia kinachoingia kwenye DNA yenyewe, kwa hiyo uboho unaweza kuumia kweli kweli. Mikofenoleti nayo inaweza kushusha seli nyeupe. Takro kwa kawaida siyo kazi yake.

Binti_Lupasi
Azathioprini nina historia nayo. Mimi nina lupasi, nilikuwa natumia azathioprini 100 mg vizuri tu bila shida. Nikaumwa kidole gumba cha mguu, nikaenda kituo cha jirani wakasema gauti wakanipa alopurinoli. Hakuna aliyeniuliza natumia nini na mimi sikujua kama ni muhimu kusema. Baada ya wiki chache midomo yote vidonda, homa, nachoka mpaka kuoga ni kazi. WBC ikatoka 1.3. Nililazwa, wakaniambia dawa mbili hizi haziendi pamoja kwa dozi ile.

Mama_Vidonge
Pole sana dada. Hiyo ni ya kwenye vitabu na bado inatokea. Mwili unaivunja azathioprini kwa njia kadhaa na mojawapo ndiyo ile ile ambayo alopurinoli inaifunga ili asidi ya yuriki isitengenezwe. Njia ikifungwa dawa inalundikana. Kama lazima zitumike pamoja basi azathioprini inashushwa mpaka karibu robo ya dozi na damu inapimwa mara kwa mara. Na wewe umetuonyesha tofauti nzuri, yako ilionekana kwenye WBC, ya shemeji wa Kibarua haionekani.

Bonge_la_Mtu
Kwa hiyo mtu WBC 1.3 na mtu WBC 12.4 wote kinga hawana. Hesabu za hospitali bana 😂

Kibarua_wa_Usiku
Nimeelewa kiasi. Swali la pili, kati ya hizo tatu ipi hasa inaleta maambukizi? Maana shem anasema akipunguziwa moja tu atapumua.

Tabibu_Mstaafu
Nimefanya wodi miaka mingi. Kwangu mimi ni steroidi. Takro na mikofenoleti zina shabaha, steroidi inapiga kila mtu, mpaka makrofeji wanaomeza wadudu. Halafu inazima homa. Mgonjwa anaoza ndani na kipimajoto kinasoma 37. Nimeona tumbo limetoboka mtu anakuambia "nahisi gesi kidogo". Ukiwa 20 mg na zaidi kwa mwezi mzima, na una dawa nyingine ya kushusha kinga juu yake, mimi nakuhesabu ni mgonjwa wa hatari.

Mpima_Damu
Na heshima zote mzee, angalia ni maambukizi gani. Virusi vya BK vinavyokaa kwenye figo, na CMV, vinazuiwa na seli T. Pale kwetu BK ikianza kupanda kwenye PCR ya damu hawakimbilii prednisoloni, wanapunguza mikofenoleti au takro. Kama steroidi ndio mkosaji mkuu kwa nini wasianze nayo?

Tabibu_Mstaafu
Kwa sababu wakati huo huwa ameshashushwa mpaka 5 mg, kijana. Hakuna cha kupunguza hapo. Na CMV iliyonisumbua mimi nyingi ilikuja baada ya ule mzigo wa methilprednisoloni wa kutibu kukataliwa kwa figo.

Mpima_Damu
Na wengine wao walichomwa na zile kingamwili za kufyeka seli T siku za kwanza. Hizo hujazitaja.

Binti_Lupasi
Mimi nilipata mkanda wa jeshi nikiwa 7.5 mg tu ya pred. Sijui mnaweka upande gani.

Mama_Vidonge
Mnagombania mzigo aliobeba mmoja wakati umebebwa na watatu. Chukueni fangasi mmoja wa mapafu, Pneumosistisi. Seli T hamli yule fangasi. Kazi yake ni kumwamrisha makrofeji wa kwenye pafu amle. Takro inanyamazisha anayetoa amri, mikofenoleti inazuia wasiongezeke idadi, prednisoloni inamlegeza makrofeji mwenyewe hata akipata amri. Sasa niambieni nani kasababisha. Ndio maana wanapewa septrini ya kinga miezi 6 mpaka 12 ya mwanzo, na baada ya kutibu kukataliwa wengi wanairudisha.

Kibarua_wa_Usiku
Septrini ni ile kubwa nyeupe? Shem aliiacha. Alisema vidonge vimekuwa vingi na ile inamchafua tumbo, wala hakumwambia dokta. Sasa ndio nashtuka, maana ana kikohozi kikavu karibu wiki mbili. Hana homa, 37.1. Kaenda zahanati wakasema ni mafua ya kawaida, wakampa klarithromaisini, anameza siku ya 5. Kikohozi kiko pale pale na tangu jana mikono inatetemeka, chai inamwagika.

Mama_Vidonge
Kibarua soma hii mara moja na ufanye. Tafuta kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Msome akiwa amekaa. Halafu atembee ndani kwa dakika kadhaa, akichoka akae, umsome tena wakati anatembea na akisimama. Andika zote mbili hapa.

Mzigo_Mzito
Mi naona hiyo TB, wafungue macho. Kikohozi wiki mbili.

Tabibu_Mstaafu
TB lazima iangaliwe, ndiyo. Ila wasimwanzishie kwa kubahatisha, rifampisini inaivunja takro mpaka inabaki kidogo mno na figo inakataliwa tena.

Kibarua_wa_Usiku
Akiwa amekaa 96. Ametembea hajamaliza hata ukumbi mara mbili imesoma 87. Midomo sio mizuri. Anasema yeye yuko sawa tu.

Mama_Vidonge
Nendeni sasa hivi, na muende kwenye kliniki ya figo au hospitali kubwa, sio zahanati tena. Beba vidonge vyote kwenye mfuko pamoja na ile klarithromaisini. Mwambieni wa mapokezi maneno haya: amepandikizwa, ameacha septrini, oksijeni inashuka akitembea. Na ile takro ya kesho asubuhi asimeze mpaka wamchote damu ya kiwango.

Bonge_la_Mtu
Utani pembeni, kila la heri mkuu.

Fundi_Sanifu
Kutetemeka kunahusianaje na kikohozi?

Mama_Vidonge
Hakuhusiani na kikohozi, kunahusiana na klarithromaisini. Takro inavunjwa na kimeng'enya kilichoko kwenye ini na utumbo, klarithromaisini inakifunga. Dozi ni ile ile ila kwenye damu inapanda maradufu au zaidi. Mikono kutetemeka, kichwa kuuma, kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, kupanda. Flukonazoli nayo hivyo hivyo, na balungi. Na kama ni fangasi niliyemtaja, klarithromaisini haimgusi. Kwa hiyo kapewa dawa isiyomgusa mdudu na imezidisha ile inayomlaza seli T.

Tabibu_Mstaafu
Tusiwahukumu sana wa zahanati. Kikohozi, hana homa, oksijeni 96 amekaa, kifua ukisikiliza hakina kitu. Ugonjwa huo unajificha hivyo hivyo. Asiyejua dawa anazotumia atakosa.

Binti_Lupasi
Mimi siku hizi natembea na karatasi ya dawa zangu kwenye simu. Naionyesha hata kwa daktari wa meno.

Kibarua_wa_Usiku
Wakuu nimerudi, amelazwa tangu siku ile. Picha ya kawaida ya kifua walisema haionyeshi sana, ya CT ikaonyesha ukungu pande zote mbili. Wakaingiza mrija kwenye mapafu wakaosha na kuchukua maji, ni Pneumosistisi kweli. TB haikuonekana. Kiwango cha takro kilitoka 19.2 wakati walikuwa wanataka isizidi 10, kreatinini imepanda kutoka 118 mpaka 176. Wamekata klarithromaisini, takro wameisimamisha siku mbili halafu wakaanza kidogo, mikofenoleti wameisimamisha kabisa. Septrini ya mshipani dozi kubwa, wamesema siku 21.

Sasa kilichonishinda ni hiki, PREDNISOLONI WAMEIONGEZA. Mmenifundisha hapa steroidi inashusha kinga, mtu anakufa kwa kukosa kinga wanaongeza steroidi?

Bonge_la_Mtu
😳 hapo hata mimi nasubiri jibu

Tabibu_Mstaafu
Sababu ipo. Unapompiga yule fangasi anakufa kwa wingi ndani ya vifuko vya hewa, mabaki yake yanawasha uvimbe mkubwa na oksijeni inashuka zaidi siku za mwanzo za matibabu. Wagonjwa wengi wanafia hapo. Steroidi inatuliza ule uvimbe wakati septrini inafanya kazi yake. Kwa wenye VVU ambao oksijeni ya damu iko chini ya 70 kwenye kipimo cha ateri, ushahidi ni mzuri kwamba inaokoa.

Mpima_Damu
Kwa wenye VVU, sawa. Shemeji hana VVU, na tayari alikuwa kwenye 30 mg alipougua. Kwa waliopandikizwa ushahidi umegawanyika, wengine wanaongeza na wengine wanabaki pale pale. Mzee usiufanye kama umeisha.

Tabibu_Mstaafu
Sijasema umeisha. Nimesema ningekuwa mimi ningeongeza.

Mama_Vidonge
Mimi ningeiangalia na ile figo pia. Mikofenoleti imesimama, takro imepunguzwa, na mwezi uliopita mwili ulikuwa unaikataa. Hiyo steroidi sasa hivi ndio inayoilinda figo karibu peke yake, kwa hiyo hawana uhuru wa kuishusha hata wangetaka.

Fundi_Sanifu
Kwa nini wasimamishe mikofenoleti na sio takro, wakati takro ndio iliyopanda?

Mama_Vidonge
Takro ikishuka mpaka mahali pake inarudi kulinda figo, na ndio nguzo kuu. Mikofenoleti ikiondoka seli T walioamka wanaweza kuzaliana, na mapafuni ndio tunachokitaka wiki hizi. Pia septrini ya dozi kubwa inaweza kushusha seli nyeupe, ukiiweka juu ya mikofenoleti unajitafutia yale ya Binti_Lupasi.

Mpima_Damu
Kuna wanaoiacha mikofenoleti kwa dozi nusu. Nimeona majibu ya damu ya wote wawili, sijaona tofauti ya kunifanya nipige kelele.

Mzigo_Mzito
Bado nasema wangepima TB tena.

Kibarua_wa_Usiku
Asanteni sana. Leo oksijeni anatembea mpaka chooni inakaa 93, kutetemeka kumeisha, WBC 14 na nyumbani safari hii hakuna aliyeshangilia. Ila asubuhi wamesema potasiamu ni 5.9 wakakimbilia kumfanyia kipimo cha moyo na kumpa dripu. Hiyo ni takro au ni septrini?

Mama_Vidonge
Zote mbili zinaizuia figo kutoa potasiamu, na figo yenyewe imechoka. Waulize kama bado anapewa dawa yoyote ya presha inayoishia na -pril, maana hiyo itakuwa ya tatu.